Kujibu Habari ya Mzigo Uliopotea

Fundi mmoja wa kushona nguo anakaa Kirungu, mlimani juu ya bandari ya Moba. Ndugu yake wa Kalemie alimtumia vitambaa vya nguo za shule kwa kampuni moja ya kusafirisha mizigo ziwani. Fundi alingoja, akangoja; mzigo haukufika. Alipouliza, kampuni ikamjibu kwa simu: «Mzigo wako ulikwisha kutolewa Moba tarehe 12 Agosti. Kama hukuupata, tuandikie.»

Jirani akamwambia: «Mama, waandikie kwamba ni wezi!» Fundi akakataa. Neno hilo lingemkasirisha karani tu, lisimwonyeshe mahali pa kutafuta. Ghalani mna mizigo mingi inayofanana. Karani hutafuta kwa namba, kwa alama na kwa uzito. Basi fundi akamwomba ndugu yake stakabadhi, yaani karatasi aliyopewa siku ya kutuma mzigo, akaandika hivi:

Kirungu, tarehe 17 Agosti

Bwana Mkubwa,
Salamu. Nimepata ujumbe wenu wa jana. Mzigo huo sikuupata, wala sikumtuma mtu kuuchukua. Namba ya stakabadhi ni 417. Ndugu yangu aliutoa katika ghala yenu ya Kalemie tarehe 9 Agosti. Ni mfuko mweupe ulioshonwa kwa kamba nyekundu, uzito wake kilo 9. Juu yake limeandikwa jina langu na neno KIRUNGU. Ndani mna meta 20 za kitambaa cha buluu na meta 15 za kitambaa cheupe.

Naomba mnionyeshe ukurasa wa kitabu chenu ambapo mpokeaji alitia sahihi. Tena naomba mtafute katika ghala za Kalemie na Moba mpaka tarehe 23 Agosti. Usipoonekana, naomba mnilipe faranga 195.000, bei ya vitambaa, na faranga 15.000 za kuusafirisha. Jumla faranga 210.000. Nimetia humu nakala ya stakabadhi na ya karatasi ya bei ya duka.

(Jina na sahihi)

Tazameni, watoto, kwa nini aliomba ule ukurasa. Kama pana sahihi ya mtu mwingine, mzigo ulitolewa kwa asiye mwenyewe, naye aweza kutafutwa. Kama hapana sahihi, labda mfuko ungali ghalani, au haukutoka Kalemie hata kidogo. Fundi hakutanguliza fedha, kwa kuwa alihitaji vitambaa: shule hufunguliwa Septemba, na nguo hazishonwi kwa siku moja. Tena alituma nakala tu. Karatasi zenyewe alizifungia sandukuni, maana zikipotea naye hana ushuhuda mwingine.

Maulizo
1. Karani ataujuaje mfuko wa fundi kati ya mifuko mingine meupe?
2. Faranga 210.000 zimepatikanaje?
3. Kama fundi asingalitaja tarehe 23, kampuni ingaliweza kufanya nini?
4. Ndugu yako wa Kalemie alikutumia viatu, navyo havikufika. Iandikie kampuni.