Mchoro wa Mwezi na Hilali ya Kator



Jioni moja baada ya Magharibi, nyumbani kwetu Kator, mdogo wangu aliniletea kitabu chake cha shule. Kulikuwa na mchoro: Dunia katikati, miezi minane imeizunguka, na miale ya Jua ikitoka kulia. Akaniuliza, "Kaka, ni nini kinachoufunika mwezi?" Nikajibu haraka: kivuli cha Dunia. Nilikosea, na mchoro wenyewe ulinisuta.

Itazame ile miezi minane. Kila mmoja una nusu nyeupe, na nusu hiyo daima imeelekea Jua. Nuru haipungui wala haiongezeki. Kinachobadilika ni upande tunaoutazama sisi tulio katikati. Mwezi ukiwa kati yetu na Jua, upande wenye nuru umetupa mgongo, hatuoni kitu. Kila siku Mwezi husogea kama nyuzi 12 mashariki ya Jua. Siku ya tatu umefika nyuzi 36, tunaona kama sehemu moja ya kumi ya uso wake. Baada ya wiki moja umefika nyuzi 90, tunaona nusu. Siku ya 14 au 15 umekabiliana na Jua, nao ni mpevu. Kisha nuru tunayoiona hupungua, na mzunguko hutimia kwa siku 29 na nusu hivi. Ndiyo maana mwezi wetu una siku 29 au 30.

Je, kivuli? Ngoja siku ya nusu mwezi. Wakati wa Magharibi, Jua linazama upande wa Jabal Kujur, na kivuli cha Dunia kinaelekea mashariki, upande wa Nile. Mwezi uko juu ya vichwa vyetu. Kivuli kitaufikiaje? Kivuli huufikia ukiwa mpevu tu, tena mara chache, kwa sababu njia ya Mwezi imeinama kama nyuzi 5. Huko ndiko kupatwa kwa mwezi.

Mdogo wangu akauliza tena: mbona kitabuni hilali imesimama wima, na hapa mara nyingi hulala kama mtumbwi? Michoro mingi huonyesha anga ya nchi za mbali kaskazini. Juba iko karibu nyuzi 5 tu kutoka Ikweta. Huku Jua huzama karibu wima, na hilali iko juu yake, hivyo tumbo lake lenye nuru hutazama chini.

Kanuni hiyo hutufaa tunapotafuta mwezi mwandamo. Mtu akisema ameona hilali, muulize aliiona wapi, na pembe zilielekea wapi. Hilali changa huonekana magharibi baada ya Jua kuzama, pembe zikilipa Jua mgongo. Aliyeiona mashariki alfajiri ameona mwezi unaokwisha. Na akisema pembe zilielekea Jua lilipozama, basi alichokiona si hilali.