Kisukari cha Ujauzito: Jinsi Kinavyopimwa na Kinavyotofautiana na Kisukari cha Awali

Mama mjamzito akiambiwa katika kliniki kwamba ana sukari, swali la kwanza ni hili: sukari hiyo imeletwa na mimba, au ilikuwa mwilini kabla ya mimba? Hali hizi mbili huitwa kwa jina moja mitaani, lakini hugunduliwa kwa viwango tofauti na matibabu yake hayafanani.

Kisukari cha ujauzito hutokana na kazi ya kondo la nyuma. Kondo hutoa homoni zinazozuia insulini ya mama kufanya kazi yake kikamilifu, ili sukari ya kutosha ibaki kwenye damu kwa ajili ya mtoto. Kadiri mimba inavyokua, ndivyo kizuizi hiki kinavyozidi. Wanawake wengi huongeza insulini na kukimudu. Kongosho la mama likishindwa kuongeza insulini ya kutosha, sukari hupanda. Hii ndiyo sababu kipimo hufanywa kati ya wiki ya 24 na ya 28, wakati kizuizi kimepata nguvu na bado kuna muda wa kutibu.

Mama mwenye uzito mkubwa, aliyewahi kuzaa mtoto wa kilo 4 au zaidi, aliyewahi kupata kisukari cha ujauzito, au mwenye mzazi au ndugu anayeugua kisukari, hafai kungoja hadi wiki ya 24. Hupimwa sukari ya damu mara tu anapoanza kliniki, na matokeo yakiwa mazuri hurudia kipimo wakati wa kawaida ukifika.

Kipimo kinavyofanywa

Kijiti cha mkojo hakitoshi. Wakati wa mimba figo huweza kupitisha sukari kwenye mkojo hata kama ile ya damu iko sawa, na mama mwenye kisukari cha ujauzito anaweza kuwa na mkojo usio na sukari. Kinachothibitisha ni kipimo cha damu cha kuvumilia glukosi.

Siku tatu kabla ya kipimo, mama hula chakula chake cha kawaida. Asipunguze ugali wala chapati ili apate matokeo mazuri, kwa kuwa kufanya hivyo huvuruga kipimo. Usiku wa kuamkia siku hiyo, hufunga kula kwa angalau saa nane. Akimaliza chakula cha jioni saa tatu usiku, anaweza kupimwa saa mbili asubuhi. Maji matupu yanaruhusiwa, lakini chai hairuhusiwi, hata isiyo na sukari.

Maabara huchukua damu ya kwanza, kisha mama hunywa gramu 75 za glukosi iliyoyeyushwa kwenye maji, na kuimaliza ndani ya dakika tano. Damu huchukuliwa tena baada ya saa moja, na mara ya tatu baada ya saa mbili. Katika muda huo mama hukaa kitako bila kula na bila kutembeatembea. Akitapika, kipimo husimamishwa na kurudiwa siku nyingine. Damu nayo haifai kukaa kwa muda mrefu kabla ya kupimwa, kwa sababu chembe zake huendelea kula sukari na jibu likatoka chini kuliko ukweli.

Kusoma matokeo

Matokeo huandikwa kwa mmol/L, yaani milimoli kwa lita. Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2013, mama ana kisukari cha ujauzito ikiwa sukari ya kufunga ni 5.1 hadi 6.9, au ya saa moja ni 10.0 au zaidi, au ya baada ya saa mbili ni 8.5 hadi 11.0. Jibu moja tu kati ya hayo matatu linatosha.

Chukua mfano wa mama wa miaka 32 mwenye mimba ya wiki 26, ambaye mtoto wake wa kwanza alizaliwa na kilo 4.2. Matokeo yake ni 5.4, kisha 9.6, kisha 8.1. Akitazama namba mbili za mwisho anaweza kudhani amepita. Lakini ile ya kufunga imevuka 5.1, kwa hiyo ana kisukari cha ujauzito.

Sasa mtazame mama mwingine, mwenye mimba ya wiki 11, ambaye sukari yake ya kufunga ni 7.8. Kiwango cha 7.0 au zaidi wakati wa kufunga, au 11.1 na zaidi baada ya saa mbili, huhesabiwa kuwa kisukari kamili. Kwa kuwa katika wiki ya 11 kizuizi cha kondo bado ni kidogo, yaelekea ugonjwa huu ulikuwepo kabla ya mimba ila haukuwa umegunduliwa.

Matibabu yanavyotofautiana

Mama wa kwanza huanza na chakula na mazoezi mepesi. Huacha sukari kwenye chai na soda, hupunguza kipande cha ugali, na huongeza mboga kama sukuma wiki au managu pamoja na maharagwe, ndengu au omena. Kutembea baada ya kula humsaidia pia. Hupima sukari kwa mashine ndogo ya kidole, akilenga chini ya 5.3 kabla ya kifungua kinywa na chini ya 6.7 saa mbili baada ya kula. Wiki moja au mbili zikipita bila kufikia malengo hayo, huongezewa metformini au insulini. Sukari ikiachwa juu, mtoto hunenepa kupita kiasi na mabega yake huweza kukwama wakati wa kuzaliwa.

Kwa mama wa pili hatari ilianza mapema zaidi. Moyo na uti wa mgongo wa mtoto huumbwa katika wiki za kwanza, na sukari nyingi wakati huo huweza kuleta kasoro za maumbile. Kwa hiyo huanza dawa bila kungoja majaribio ya chakula peke yake, mara nyingi insulini, na huchunguzwa macho, figo na shinikizo la damu. Mtoto naye huangaliwa moyo kwa picha ya mawimbi ya sauti. Mwanamke anayejua kwamba ana kisukari hufaa kumwona daktari kabla ya kushika mimba, ili sukari ishushwe kwanza, aanzishiwe asidi foliki ya kiwango cha juu, na dawa zisizofaa kwa mimba, kama vile enalaprili, zibadilishwe.

Baada ya kujifungua

Watoto wa mama wote wawili huweza kushukiwa na sukari baada ya kuzaliwa. Hunyonyeshwa ndani ya saa moja ya kwanza na kupimwa sukari.

Kwa mama wa kwanza kondo likishatoka kizuizi huondoka, na kwa kawaida dawa husimamishwa. Mama wa pili hupunguziwa dozi ya insulini haraka ili sukari isishuke kupita kiasi, lakini matibabu yake yanaendelea, kwa sababu ugonjwa wake haukuletwa na mimba.

Kati ya wiki ya 6 na ya 12 mama wa kwanza hurudi kunywa gramu 75 zile zile. Akiwa sawa, hupimwa tena kila baada ya mwaka mmoja hadi mitatu, kwani aliyepata kisukari cha ujauzito ana uwezekano mkubwa zaidi wa kupata kisukari cha kudumu baadaye. Miadi hiyo ni rahisi kuisahau, na inaweza kupangwa siku moja na chanjo ya mtoto ya wiki 6 au 10.