Dondoo muhimu: Kukagua mkanda wa Hermès kwa picha

Kabla ya kutuma pesa, mwombe muuzaji picha za karibu zilizopigwa mchana kando ya dirisha, rula ikiwa pembeni: nyuma ya bizimu, ukingo, mshono na uso wa ngozi. Azitume kama faili, kwa kuwa WhatsApp hubana picha na kufuta alama ndogo.

Herufi kwenye bizimu ziwe safi na zenye kina kimoja, na E ya pili ya HERMÈS iwe na alama yake juu. Usiridhike hapo, maana leza huiga maandishi kwa urahisi. Mimi naiamini ngozi zaidi. Ngozi ya Togo ina vinundu visivyolingana, vikubwa hapa, vidogo pale. Ukiona umbo lilelile likijirudia kila baada ya sentimita chache, hiyo imegandamizwa kwa roli.

Hesabu mishono ya mkanda ndani ya sentimita tatu, mahali pawili. Idadi ikipishana sana, tia shaka. Rangi ya ukingo isimwagikie usoni wala kupasuka kwenye mikunjo.

Picha zinatosha kukataa bidhaa. Kuithibitisha kunahitaji kuishika mkononi.