Somo la Familia: Ndoto Baada ya Kumpoteza Mtoto

Masomo: Ayubu 1:18–19; 4:12–16; 7:13–14; 42:7

Somo la leo wengi wetu hatulizungumzi hata na waume zetu. Mimba inatoka, au mtoto anazaliwa akiwa ameshafariki, tunarudi nyumbani mikono mitupu, na usiku ndoto zinaanza.

Kwa ruhusa yake tunasimulia habari ya mama mmoja kati yetu, hapa Riverside. Mwezi wa kwanza, theluji ikiwa magotini, alipoteza mimba ya miezi mitano. Siku ya tatu maziwa yakaja. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba mimba ikifika umri huo mwili huandaa maziwa hata kama mtoto hayupo. Usiku huo akaota yuko Uvira, anavuka ziwa kwa mtumbwi, mtoto yuko mgongoni ndani ya kitenge. Alipofika ng'ambo akafungua kitenge ili amnyonyeshe, kumbe ni kitupu. Akaamka saa tisa usiku, gauni limelowa kifuani, mume yuko kazini zamu ya usiku. Ndoto hiyo ikarudi karibu kila usiku kwa wiki tano.

Mchana alikuwa na hesabu nyingine kichwani. Siku moja kabla ya uchungu kuanza alikuwa amebeba masanduku kazini. Kwa hiyo ndoto ilipomwonyesha kitenge kitupu, yeye aliisoma kama hukumu: wewe ndiye uliyemwangusha. Kisha dada mmoja akampigia simu, kwa nia njema kabisa, akasema, "Mama, na mimi nimeota juu yako. Nimeona kuna mlango uliuacha wazi." Mama yetu akaacha kula.

Hapo ndipo tunataka kukaa na Ayubu. Huwa tunamkumbuka kwa majipu yake na kwa mali iliyopotea, lakini kwanza kabisa Ayubu ni mzazi aliyefiwa na watoto kumi kwa siku moja. Na katika sura ya saba analalamika kwamba akitegemea kitanda kimpumzishe, ndoto zinamtisha humo humo. Kwa hiyo mzazi aliyefiwa anayeogopa kulala yumo ndani ya Biblia, wala hakutengwa kwa sababu ya ndoto zake.

Sasa angalia sura ya nne. Elifazi naye alikuwa na maono ya usiku. Nywele zilimsimama, roho ikapita mbele yake, akasikia sauti. Maono hayo akayaleta kwa mtu aliye matangani, ndani ya hotuba inayomwambia kwamba mtu asiye na kosa haangamii. Mwishoni mwa kitabu Mungu anamkasirikia Elifazi na wenzake, na kusema hawakunena yaliyo sawa kama Ayubu alivyonena. Sisi tunaamini Mungu anaweza kusema kwa ndoto, Yusufu na Danieli ni mashahidi. Lakini mwenye ndoto juu ya mama aliyefiwa, kabla ya kumpigia simu, aipeleke kwanza kwa Mungu katika maombi, na mara nyingi aiache huko huko. Vivyo hivyo kwa wanaosema ndoto ya kunyonyesha ni dalili ya jini, au kwamba wifi amefanya kitu. Tumeona familia zikivunjika kwa maneno hayo.

Mbona basi ndoto ni nyingi na kali hivi? Sote huingia kwenye usingizi wa ndoto mara kadhaa kila usiku, na vipindi virefu ni vya kuelekea asubuhi. Ndoto nyingi hatuzikumbuki kwa sababu hatukuamka katikati yake. Mama aliyepoteza mimba huamka mara nyingi: kwa damu, kwa maziwa, kwa homoni zinazoshuka ghafula, kwa machozi. Kila anapoamka anashika ndoto nyingine mkononi. Nazo zinabeba kazi ambayo mwili ulikuwa umejiandaa kuifanya, yaani kumshika mtoto, kumlisha, kumtafuta. Watafiti wa Montreal walichapisha mwaka 2007 kwamba hata mama wengi ambao watoto wao wako hai na wazima huota mtoto amepotea ndani ya mablanketi, wengine wakipapasa kitanda wakiwa usingizini. Kama ndoto ya kumtafuta mtoto ingekuwa shitaka, hao wote wangekuwa na hatia.

Na yale masanduku? Mama yetu alirudi kwa daktari na mkalimani, akauliza wazi. Kondo la nyuma lilikuwa limepimwa, wakakuta maambukizi ndani ya mfuko wa uzazi, na maambukizi hayaletwi na kubeba sanduku. Kwa mimba zinazotoka miezi mitatu ya kwanza, karibu nusu hutokana na hitilafu ya vinasaba iliyokuwapo tangu mimba ilipotungwa. Wakati mwingine daktari hapati sababu yoyote, na hilo nalo ni gumu, kwa maana moyo hupenda kuwa na mkosaji kuliko kukosa jibu.

Kuhusu ndoto yenyewe, mshauri alimfundisha jambo ambalo limejaribiwa na watu wengi wenye ndoto za kutisha. Mchana, si kitandani, aliiandika ndoto kwa lugha ya nyumbani. Kisha akaibadilisha apendavyo. Alipoambiwa hivyo aliona kama anadanganya. Mwishowe aliandika kwamba ng'ambo ya ziwa bibi yake aliyekwisha kufariki anasubiri ufukweni, na yeye anafungua kitenge polepole na kumkabidhi mtoto. Basi kila siku, dakika kumi hivi, alifumba macho akaipitia ile mpya tu, hakurudia ya zamani. Wiki ya tatu aliota tena ziwa, lakini safari hii alikuwa ameketi ufukweni, analia. Akaamka, akalala tena. Mwezi wa tano, siku zile ambazo mtoto angezaliwa, ndoto ya kitenge ilirudi usiku mbili. Tarehe za namna hiyo mwili huzikumbuka. Mume wake aliomba ruhusa kazini akalala nyumbani.

Kama ndoto yako ni nzito mno, anza na nyepesi zaidi. Kama kuiandika kunakuzidishia hofu, acha, tafuta mshauri kwanza. Na akina baba, ninyi pia mnaota. Baba mmoja alituambia anaota anaendesha gari kuelekea hospitali na barabara haiishi. Alikuwa hajamwambia mtu kwa mwaka mzima, kwa kuwa watu walipokuja kuwapa pole walimuuliza tu, "Mama anaendeleaje?"

Liko jambo moja ambalo hatungojei. Kama mama anasikia mtoto akilia akiwa macho, kama anasema anataka kumfuata mtoto, au kama amekaa usiku kadhaa bila kulala kabisa na maneno yake hayaeleweki, hiyo si ndoto tena. Usimwache peke yake. Piga 988 saa yoyote, taja neno Swahili, utaunganishwa na mkalimani. Kama hatari iko wazi, piga 911. Maombi tutayafanya tukiwa njiani.

Kwa mazungumzo nyumbani wiki hii: Je, mtoto wetu tuliyempoteza tunamtaja kwa jina gani? Nani kati yetu hajawahi kuulizwa habari za usingizi wake? Marafiki wa Ayubu walikaa naye siku saba kimya kabla ya kusema lolote; wewe ungekaa na nani?