Naogopa kumwongezea rafiki mzigo

*Mama mshauri, nauza ndakala hapa Baraka. Mume wangu yuko machimboni Misisi, na karibu mwezi mzima sina raha. Nikitoka sokoni nalala tu. Nina rafiki kule Fizi, tulikulia pamoja kambini Nyarugusu. Nashika simu nimwite, kisha naiweka. Nyumbani kwake amepokea jamaa waliokimbia vita, naye ana yake. Nitamchosha bure. – Mwenye Simu Mkononi*

Mwanangu, rafiki huyo angefiwa, ungekwenda matangani. Ungelala pale chini kwenye mkeka. Je, ungerudi ukisema amekuchosha? Basi mbona yeye unamhesabia hasara peke yake, wala humwulizi?

Hesabu hiyo huwadanganya wengi. Mwaka 2008 watafiti wawili wa Marekani, Francis Flynn na Vanessa Lake, waliwatuma wanafunzi kuwaomba watu wasiowajua wajaze karatasi ya maswali. Walitakiwa wapate watano wa kukubali. Walidhani itabidi waombe watu kama 20. Ilitosha kama 10. Ni kweli, karatasi si huzuni. Lakini wale walikuwa wageni, na huyu mmekula naye posho ya kambini.

Kinachochosha mara nyingi ni ombi lisilo na mwisho. Ukiandika "nina shida" halafu ukanyamaza, atadhani ni pesa au msiba, na atahangaika usiku kucha. Mwambie unataka nini, kwa muda gani, na umwachie mlango wa kukataa: "Dada, siku hizi moyo wangu ni mzito. Sihitaji pesa. Nataka unisikilize robo saa, jioni yoyote utakayopata nafasi. Kama wiki hii haiwezekani, niambie tu, tutapanga nyingine."

Akikaa kimya, usijihukumu papo hapo. Huko kwetu simu huzimika kwa kukosa moto, na mtandao una siku zake. Baada ya siku mbili, tatu, mwite mara moja tena. Mkizungumza, mwulize na habari za wale jamaa zake. Naye huenda hana wa kumwambia.

Hofu yako ina ukweli wake pia. Ukimrudishia maneno yaleyale kila jioni, majibu yake yakafupika, pengine amechoka, wala hajakuchukia. Hapo mgawie na mwingine sehemu ya mzigo: mama wa likelemba yenu, au shangazi.

Jambo moja lisingoje. Kujiona mzigo kwa kila mtu huweza kuwa dalili ya ugonjwa wa huzuni wenyewe. Kulala kila utokapo sokoni, kwa karibu mwezi sasa, kunatosha kukupeleka kituo cha afya wiki hii. Mweleze muuguzi kama unavyoeleza malaria: usingizi, chakula, tangu lini. Na likija wazo kwamba watu wangepumzika kama usingekuwepo, usibaki peke yako hata usiku huo. Gonga kwa jirani, akusindikize hospitali.