Mashini ya kukanda unga inapolia

Mama mmoja, mke wa mtumishi mwenzetu, anauza mikate kambini. Asubuhi moja mashini yake ndogo ya kukanda ilianza kusaga kama mchanga, halafu ndoano ikasimama katikati ya unga. Motere yenyewe iliendelea kuzunguka. Alitaka kuusukuma unga kwa mkono.

Simama hapo kwanza! Ndoano iliyokwama inaweza kushika tena ghafula na kukunja vidole. Ondoa fishi katika prizi kabla ya kugusa chochote. Kuzima kwa kitufe tu hakutoshi.

Motere ikizunguka bila ndoano, ubovu mara nyingi uko katika magurudumu ya meno yaliyo kichwani mwa mashini. Motere ikipunguza mwendo na kutoa joto, mzigo ndio mkubwa, au grese imekauka.

Bwana wake alifungua kichwa. Alikuta grese imegeuka kahawia, ngumu kama sabuni ya kale, imebandikana ukutani, na meno yanasuguana makavu. Ndivyo inavyokuwa: mafuta hujitenga na grese pole pole, hasa mashini ikikaa miezi bila kazi, na kinachobaki hakirudi tena kwenye meno. Gurudumu moja dogo lilikuwa limenyolewa meno upande mmoja. Katika mashini nyingi gurudumu hilo hufanywa kwa nailoni au bronzi, laini kuliko mengine, ili livunjike lenyewe na kuokoa motere. Kwa hiyo usitafute fundi wa kukutengenezea la chuma kigumu.

Alikwangua grese ya zamani yote kwa kijiti na kitambaa. Hakutumia esansi, kwa sababu mvuke wake huwaka. Vipande vya meno vikibaki ndani vitakula gurudumu jipya, na hiyo ndiyo kazi watu wengi huiharakisha. Aliweka gurudumu jipya, akapaka grese iliyokubaliwa kwa mashini za chakula. Grese ya gari haifai hapa, maana ikitiririka kwenye shina la ndoano huingia katika mkate. Unga uliodondokewa na mafuta meusi au vipande vya chuma hutupwa, hata kama inauma.

Lakini meno yalivunjika kwa nini? Kijitabu cha mashini kiliandika kilo 1 ya unga. Mama alikuwa akitia kilo 2 na lita 1 ya maji, yaani kilo 3 za unga mzito, karibu mara mbili ya mzigo. Alipoona inachoka aliongeza mwendo, na kumbe mwendo mkubwa huongeza joto bila kuongeza nguvu ya kukanda.

Sasa anakanda kilo 1 na maji gramu 600, kwa mwendo wa chini, dakika 6 hivi, kisha anaipumzisha mashini mpaka kichwa chake kipoe mkononi, ndipo anaanza kilo ya pili.