Kwa nini tusiwaue mbwa wa Bunia?

Swali: Daktari, mji wetu unakua na mbwa wanazurura hadi sokoni. Kwa nini tusiwaue tu, tuzuie kichaa cha mbwa?

Jibu: Kuua hakudumu: waliobaki huzaa, wengine huingia kutoka vijijini, wote bila chanjo. Kinachokata kichaa cha mbwa ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa wa kila mtaa, kila mwaka, hata wale wachanga. Kisiwa cha Pemba kilifikisha visa sifuri kwa njia hiyo. Mtasema mbwa koko hawakamatiki. Wengi wana wenyewe, na watoto wa nyumbani huwaleta kwa kamba kituo kikiwa karibu na bila malipo. Mpakeni rangi kila aliyechanjwa, kisha kesho yake asubuhi pitieni mitaani mkihesabu wenye alama na wasio nayo, mjue kama mmefika asilimia 70. Kupunguza idadi yao kwa kuwafunga kizazi ni ghali, basi anzeni na majike. Aliyeumwa na mbwa aoshe kidonda kwa maji na sabuni dakika 15, akachanjwe siku hiyohiyo.